Wareno na neno lao "desenrascanço": kwa nini kwao ni sifa, kwetu ni kulipua kazi?

#1 Mpangaji wa Amadora
Wakuu habari za jioni. Nina mwaka wa tatu huku Ureno, naishi Amadora pembeni ya Lisbon. Juzi bomba la chini ya sinki limepasuka ufa, maji yanachuruzika jikoni, mwenye nyumba hapokei simu. Nikagonga kwa jirani, mzee mstaafu. Kaja na kandambili zake na mpira wa ndani wa baiskeli kuukuu. Kakata utepe upana wa vidole viwili, kaanza kuzungushia mbali kidogo na ufa, anauvuta mpaka unakuwa mwembamba, kila mzunguko unalalia nusu ya uliotangulia. Mwisho kakaza na waya. Dakika kumi, maji kimya.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni anatabasamu kama mume kapata shahada. Akaniambia huyu mzee ni "desenrascado", na kwamba Wareno wote wana hiyo kitu, "desenrascanço", yaani kujitoa kwenye shida kwa chochote kilichopo. Wanaitamka kama "dizenrashkansu". Nikaja kugundua wanalitaja neno hili kwa fahari, wanadai mataifa mengine hayana.

Swali langu: nyumbani fundi akikufungia bomba kwa mpira wa baiskeli tunasema kalipua. Hawa wanampigia makofi. Kwa nini?

#2 Kijana wa Keko
Bomba limeshabadilishwa au bado lina mpira?

#3 Mpangaji wa Amadora
Wiki ya pili sasa. Bado lina mpira 😂

#4 Dokta Ubishi
Hakuna jipya hapo. Ni ujanja ujanja tu, Wakenya wanaita jua kali. Na neno lenyewe nimewahi kuelezwa na Mbrazili: "rasca" ni kitu hafifu, takataka. Kwa hiyo desenrascanço ni sanaa ya kufanya mambo kitakataka. Wanajisifia bila kujua wanachosema.

#5 Mama Sintra
Dokta, nusu umepatia. Rasca kweli hutumika kwa kitu hafifu, mgahawa wa bei chee na chakula chake ni rasca. Lakini kitenzi hiki kina njia nyingine. Rasca ni aina ya wavu wa kuvulia. Enrascar ni kunasa, kusokotanisha, kama kamba za tanga zikishikana. Ukiongeza "des" mwanzoni inakuwa kunasua. Kwa hiyo desenrascanço kwa Kiswahili chetu ni kujinasua, na kujinasua na takataka wapi na wapi. Wapo pia wanaokumbusha kwamba rasca lilikuwa jina la mashua za pwani, hasa za Ericeira, hapo sitabishana na mtu.

Mtu aliyebanwa husema "estou à rasca", nimekwama. Hata aliyebanwa na haja ndogo kwenye foleni husema hivyo hivyo.

Nimeishi huku miaka 19, nimefua, nimepika, sasa natunza wazee. Na neno hili, Mpangaji, umelisikia upande wa sherehe tu. Subiri siku bosi akuambie "desenrasca-te". Hapo maana yake ni: utajua mwenyewe.

#6 Mtoto wa Tandika
Samahani wakuu, hiyo desenrascanço inachukua muda gani kutoka na inahitaji barua ya mwajiri? Nina binamu yangu anataka kuja Ureno mwezi wa tisa.

#7 Kijana wa Keko
Inatoka papo kwa papo mkuu, ndiyo sifa yake kubwa 😂😂

#8 Mtwara Kusini
Neno hili mbona nalijua kitambo, nafanya biashara ya samaki wakavu upande wa Msumbiji, Palma hadi Pemba. Kule "desenrascar" ni neno la kila siku. Ukimuuliza kijana unafanya kazi gani, anajibu "estou a desenrascar", yaani nabangaiza. Na mtu akitaka umkopeshe anasema "desenrasca-me aí", nitoe hapo na meticali mia. Sijasikia mtu akijisifia nalo. Kule ni neno la njaa.

#9 Kasongo wa Lubumbashi
Ndugu zangu, sisi ku Kongo ile kitu tunaitaka Article 15. Ni mzaha wa zamani, tangu wakati wa Kasai ya Kusini miaka ya 1960: banasema ndani ya katiba iliandikwa "débrouillez-vous", mujipange benyewe. Basi mushahara haukuje, barabara haiko, unauliza serikali, banakujibu article 15. Tunacheka sana lakini ni kicheko cha mutu mwenye hana namna.

#10 Fundi wa Gongo la Mboto
Mimi nataka kuongea ufundi, maana Mpangaji kasema kulipua na neno hilo linanikera. Kuna tofauti kati ya kulipua na kuokoa safari.

Mwaka ule nilikuwa kibarua shambani Alentejo, tunavuna zeituni. Bosi ana pikapu ya Datsun ya zamani, injini ya petroli. Tuko mbali na mji, mkanda wa feni ukakatika. Mshale wa joto ukaanza kupanda, taa ya chaji ikawaka. Mama mmoja wa Kireno tuliyekuwa naye akaenda nyuma ya mti, akarudi na soksi zake ndefu za nailoni. Nilidhani anatania.

Tulisubiri injini ipoe. Tukazungusha nailoni kwenye puli ya krenki na puli ya pampu ya maji, basi. Puli ya altaneta tukaiacha, maana soksi haiwezi kuburuza mizigo yote miwili. Tukavuta kwa nguvu za watu wawili, fundo dogo, ncha zote tukakata zisije zikanaswa na feni. Tukaenda mwendo wa polepole, gia ndogo, hakuna taa, hakuna redio, maana umeme wote ni wa betri na betri haichajiwi. Macho kwenye mshale wa joto. Ukianza kupanda, ujue soksi imelegea na inateleza, simama. Tulisimama mara mbili kukaza.

Tulifika. Bosi akanunua mkanda siku hiyo hiyo, hiyo ndiyo tofauti. Na msijaribu kwa gari za siku hizi zenye mkanda mmoja mrefu mpana unaopita kila mahali, soksi haitakaa hata dakika.

#11 Bi Mkongwe
Wanangu mama huyo alirudishiwa soksi zake?

#12 Fundi wa Gongo la Mboto
Bosi alimnunulia jozi mbili, Bi Mkongwe. Za rangi ambayo hakuitaka.

#13 Profesa Kibaraza
Mbona hakuna anayegusa historia? Wareno ni mabaharia. Ukiwa katikati ya bahari miezi mitatu hakuna duka. Mlingoti ukivunjika unatengeneza kwa ulichonacho. Ndiyo maana mataifa mengine, Waholanzi na Waingereza, walikuwa wanahakikisha kila meli ina Mreno mmoja kwa ajili ya kujinasua. Sifa hii ina miaka mia tano.

#14 Mama Sintra
Profesa, hiyo ya Mreno mmoja kila meli inazunguka mtandaoni miaka mingi, na kila anayeitoa kaitoa kwa mwingine. Umeiona kwenye kitabu gani cha safari?

#15 Profesa Kibaraza
Nitatafuta.

#16 Nahodha Tongoni
Kama ni bahari, ngojeni mtu wa Tanga aseme. Wareno wamejinasua mara mbili hapa hapa mbele ya nyumba yetu, na kuna shajara ya mtu aliyekuwemo kwenye safari ya kwanza ya Vasco da Gama.

Mara ya kwanza ni Aprili 1498, wakielekea Mombasa. Jahazi lao moja, São Rafael, likapanda mwamba karibu na Mtangata usiku, saa mbili hivi kabla ya alfajiri. Maji yakatoka, jahazi likabaki kavu. Wakapeleka nanga kwa mashua, wakangoja maji kujaa, likaelea. Wakati wanangoja wakaja watu wa kwetu na mitumbwi miwili na machungwa, na mwandishi akasifu kwamba ni matamu kuliko ya Ureno. Miamba wakaipa jina la jahazi.

Mara ya pili ni Januari 1499, wakirudi kutoka India. Mahali pale pale. Safari hii jahazi halikupanda mwamba, walilichoma moto wao wenyewe. Mabaharia wamekufa kwa ugonjwa wa fizi, waliobaki hawatoshi kuendesha majahazi matatu. Wakahamisha mizigo siku kadhaa, wakachukua sanamu ya Malaika Rafaeli iliyokuwa chomboni, jahazi wakalitia moto. Sanamu ipo mpaka leo makumbusho ya majini Lisbon.

Sasa Profesa atasema: tazama, desenrascanço! Watu wachache, majahazi mawili, wamefika nyumbani. Mimi nauliza: kwa nini walikufa?

#17 Profesa Kibaraza
Kwa kukosa matunda. Ugonjwa wa fizi haukujulikana dawa yake wakati huo.

#18 Nahodha Tongoni
Matunda ni nusu ya jibu. Nusu nyingine ni upepo.

Kwenda, walitoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498 na rubani aliyejua njia, kusi ndiyo inaanza, wakavuka kwa siku kama 23. Kurudi, waliondoka Kalikati mwisho wa Agosti baada ya kugombana na mfalme wa kule. Agosti! Mtoto yeyote wa pwani anajua kwamba kurudi kutoka India unangoja kaskazi, na kaskazi haikamati sawasawa mpaka Novemba au Desemba. Wao wakaliacha pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba, wakakutana na shwari na upepo wa kinyume, wakaiona pwani ya Afrika tarehe 2 Januari. Karibu miezi mitatu. Watu 30 wakafa humo, na kila chombo kikabaki na watu saba au wanane wa kufanya kazi.

Kwa hiyo wavu waliufunga wenyewe kwa kutongoja msimu. Halafu sisi leo tunasifu jinsi walivyoukata. Babu yangu alikuwa akimwona nahodha hodari wa kutoka kwenye dhoruba anauliza kwanza, "Alitoka bandarini siku gani?"

#19 Dokta Ubishi
Hapo Nahodha umeua. Wanasifia kuzima moto waliouwasha.

#20 Mama Sintra
Nahodha nakushukuru, hiyo ya kaskazi sijawahi kusikia Mreno akiisema.

Lakini msiende haraka kuwahukumu. Fahari ya mzee wa Amadora haikuanza 1498. Namtunza bibi wa miaka 88 kutoka kijiji cha kaskazini. Mumewe alivuka kwenda Ufaransa miaka ya 60, enzi za dikteta Salazar, pasipoti hupewi, na vijana walikuwa wanapelekwa vita vya Angola, Guinea na Msumbiji. Wakaondoka malaki kwa malaki, kwa miguu, usiku, wakipita milima ya Uhispania. Walikuwa wanaita "a salto", kwa kuruka.

Sasa shida: mvushaji anataka pesa zote kabla, familia inaogopa atawatupa njiani. Wakaanza kuchana picha. Picha ya msafiri inachanwa vipande viwili, kimoja anabaki nacho mvushaji, kingine anaondoka nacho msafiri. Akifika salama Ufaransa anatuma kipande chake kwa barua. Mvushaji akija kudai pesa iliyobaki, mke analinganisha: vipande vikikutana, analipa. Hakuna benki, hakuna mwanasheria, hakuna karatasi ya polisi kunasa. Bibi yangu bado ana picha ya mumewe, ina mstari wa gundi katikati ya pua.

Kwa watu hawa serikali ndiyo iliyokuwa wavu. Kujinasua kwao kulikuwa heshima, kwa sababu anayefuata utaratibu anaishia vitani au na njaa. Sifa imebaki hata baada ya tarehe 25 Aprili 1974, utawala ule ulipopinduliwa.

#21 Bi Mkongwe
Mstari katikati ya pua 😢 Mungu amrehemu.

#22 Kasongo wa Lubumbashi
Mama Sintra, hapo umesema ukweli. Article 15 yetu ni ndugu ya ile picha.

#23 Kijana wa Keko
Hiyo ya picha ni akili kubwa kuliko soksi, Fundi usikasirike.

#24 Fundi wa Gongo la Mboto
Sikasiriki. Ila tazama, picha ilikuwa mpango. Walikaa chini, wakafikiri, wakakubaliana kabla ya safari. Je, hiyo ni desenrascanço au ni utaratibu wa watu wasio na ofisi?

#25 Mama Sintra
Umenibana Fundi. Estou à rasca 😄

#26 Msomi wa Coimbra
Nimesoma kimya tangu #1. Niongeze upande wa vijana, maana wengi hawalisifii. Machi 12, 2011 waliandamana Lisbon, Porto na miji mingine, wakajiita "Geração à Rasca", kizazi kilichokwama. Ni mchezo wa maneno, kwa sababu mwaka 1994 mhariri wa gazeti la Público, Vicente Jorge Silva, aliwaita wanafunzi waliokuwa wakiandamana "geração rasca", kizazi hafifu. Kineno kimoja tu cha herufi moja, "à", na tusi linageuka malalamiko. Dokta Ubishi, unaona maana yako na ya Mama Sintra zilivyokutana hapo.

Walichokuwa wanalalamikia ni mikataba ya muda mfupi, mafunzo kazini bila malipo, kulipwa kama mkandarasi huku una bosi na saa za kuingia. Ukilalamika unaambiwa kijana jitume, jinasue. Mwezi uliofuata serikali yenyewe ikakwama, ikaomba mkopo wa kuokolewa, euro bilioni 78. Serikali haikuambiwa "desenrasca-te".

Kwa hiyo jibu langu kwa Mpangaji: linasifiwa zaidi na wale ambao sifa hiyo inawapunguzia gharama.

#27 Profesa Kibaraza
Hapana, mmegeuza kila kitu kuwa siasa. Mbona baada ya tetemeko la 1755 Lisbon ilijengwa upya haraka? Hiyo si desenrascanço?

#28 Msomi wa Coimbra
Profesa, huo ndio mfano wa kinyume kabisa. Waziri wa mfalme, Pombal, aliweka wahandisi, mitaa iliyonyooka, na nyumba zenye kiunzi cha mbao ndani ya kuta ili zihimili mtikisiko. Kile ni kiunzi kilichochorwa kabla. Ukitaka kuona mwisho wa kubahatisha, tazama moto wa Pedrógão Grande, Juni 2017. Walikufa watu 66, wengi wao barabarani wakiwa kwenye magari wakijaribu kukimbia. Mtandao wa mawasiliano ya dharura ulisumbua siku hiyo hiyo unapohitajika. Mle ndani kulikuwa na watu wenye akili za haraka kama mzee wa Amadora, tena wapo waliookoa majirani zao kwa kuwatia kwenye tangi la maji. Ila akili ya haraka haikati miti iliyoachwa kuota mpaka ukingoni mwa lami.

#29 Mtwara Kusini
Na umeme ulipokatika Ureno na Uhispania nzima, Aprili 28, 2025? Nilikuwa nawasiliana na mteja wangu Setúbal, akapotea kutwa.

#30 Mpangaji wa Amadora
Hiyo niliishuhudia. Karibu saa sita mchana kila kitu kimya. Kadi hazifanyi kazi, treni zimesimama. Yule yule mzee akatoa redio ya betri dirishani ili mtaa mzima usikie habari, mkewe akatoa jiko la gesi la kambi, tukapika supu ya familia nne kwenye ngazi. Mimi ndiye niliyekuwa na noti mfukoni kwa sababu ya mazoea ya nyumbani, nikawanunulia watu mikate. Siku hiyo mimi nikaitwa desenrascado. Nilijisikia vizuri, sitawaficha.

#31 Bi Mkongwe
Basi mwanangu jibu unalo.

#32 Dokta Ubishi
Jibu gani? Redio ya betri na jiko vilikuwa kabatini tangu lini? Huyo mzee alijiandaa. Hakubahatisha kitu.

#33 Nahodha Tongoni
Leo Dokta nakuunga mkono mara mbili, nitaenda kupimwa homa.

#34 Fundi wa Gongo la Mboto
Mimi nabaki na langu. Kwenye gereji kuna fundi anayejua kitabu tu, kifaa kisipokuwepo anakaa. Na kuna anayejua kitu kinafanya kazi gani, akikosa mkanda anajua anatafuta chochote kitakachozungusha pampu. Wa pili hakubahatisha, anaelewa zaidi. Wareno wakimsifu huyo wako sahihi.

#35 Msomi wa Coimbra
Sawa Fundi, lakini bosi wako alinunua mkanda kwa sababu gari ni lake. Ingekuwa gari la kibarua?

#36 Mtoto wa Tandika
Jamani sijajibiwa kuhusu binamu.

#37 Mama Sintra
Mwanangu nitumie ujumbe pembeni, nitakueleza hatua kwa hatua. Na usimpe mtu yeyote pesa yote kabla.

#38 Kijana wa Keko
Mchane picha.

#39 Mpangaji wa Amadora
Wakuu mrejesho. Mwenye nyumba kaja leo asubuhi. Kainama chini ya sinki na tochi ya simu, kaugusa mpira, kaangalia kidole, kikavu. Akacheka, akanipiga bega: "Está desenrascado!" Akaondoka. Bomba jipya hakulitaja, ila kaniambia kodi itapanda Januari.

#40 Kijana wa Keko
Ukifungulia maji ya moto kwanza gusa ule mpira. Ukilainika, jirani awe nyumbani.